Muhtasari wa LinkedIn kwa mwanafunzi anayetafuta fildi ya uchambuzi wa data Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa takwimu, aktuaria, uchumi au kompyuta anayetaka kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye kitengo cha data cha benki, kampuni ya simu au bima. Makao makuu ya taasisi nyingi za aina hiyo yapo hapa Dar. Vivyo hivyo wanafunzi: Mlimani, IFM, Ardhi na Chuo cha Takwimu cha Changanyikeni wote wanagombania viti vilevile, mara nyingi miezi ileile. Mifano yote hapa ni ya mwanafunzi mmoja niliyemtunga, ili tuweze kukata na kurekebisha maneno yake bila kumkwaza mtu.

Muhtasari ni sehemu gani hasa ya wasifu?

Ni kisanduku kinachoitwa `About`, chini ya jina lako. Kama hukioni kwenye wasifu wako, bonyeza kitufe cha kuongeza sehemu, kisha `Add about`. Kinapokea herufi 2,600, nafasi na alama za uandishi zikihesabiwa. Mwanafunzi hana haja ya kukijaza. Herufi 900 hadi 1,200 zinatosha, na nyingi kuliko hapo kwa kawaida ni maji.

Usikichanganye na `Headline`, ule mstari ulio mara tu chini ya jina, unaopokea herufi 220. Mtu akitafuta "SQL Dar es Salaam", anachoona kwenye orodha ya majibu ni picha yako, jina, `Headline` na mahali ulipo. Muhtasari kwa kawaida hauonekani mpaka akubonyeze. Kwa hiyo kazi zao ni tofauti: `Headline` inamfanya aingie, muhtasari unamfanya abaki. Chuo, kozi na zana viweke kwenye `Headline`, ili muhtasari usianze kwa kurudia mambo ambayo msomaji ameshayaona sekunde tatu zilizopita.

Jambo moja dogo linaloponza wengi: mahali. Mtu alifungua akaunti akiwa nyumbani Songea au Bukoba, akaandika mji wake, akasahau. Afisa anayechuja kwa Dar es Salaam hatamwona, hata kama amepanga chumba Sinza.

Nani atausoma?

Wa kwanza ni afisa rasilimali watu, ambaye mara nyingi si mtu wa data. Anataka kujua vitu vitatu: unasoma nini, unataka nini, na lini. Wa pili ni msimamizi wa kitengo, ambaye atakaa nawe wiki zote hizo na kukusainia kitabu cha kumbukumbu za fildi. Huyu anajiuliza swali moja la ubinafsi kabisa: nikimpa huyu kijana faili chafu, atanipunguzia kazi au ataniongezea?

Muhtasari mzuri unamjibu wa kwanza haraka, kisha unatumia nafasi iliyobaki kumjibu wa pili. Wanafunzi wengi huandika kana kwamba msomaji ni mtu wa tatu, mzazi anayetaka kusikia kwamba mtoto wake ana tabia njema.

Sina uzoefu wowote. Niandike nini?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tulifanyie kazi taratibu.

Mwanafunzi wetu yupo mwaka wa 2, Shahada ya Takwimu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa hivi:

> Mimi ni kijana mchapakazi, mbunifu na mwenye shauku kubwa ya data. Nina uwezo wa kufanya kazi peke yangu na kwa kushirikiana na wengine, hata chini ya shinikizo. Ninajifunza haraka na nina mawasiliano mazuri. Natafuta fursa ya kukuza ujuzi wangu katika taasisi inayotambulika.

Hakuna uongo hapo. Tatizo ni kwamba ukifuta jina lake na kuweka la mwanafunzi wa uuguzi, ukabadilisha neno "data" tu, maandishi yanasimama vilevile. Msimamizi hana cha kushika. Isitoshe, sentensi ya mwisho inaeleza faida ya mwanafunzi peke yake. Taasisi imetajwa kama mahali pa kukuzia ujuzi.

Dawa si kutafuta sifa kali zaidi. Dawa ni kumkalisha mtu chini na kumuuliza: mwaka huu umewahi kugusa data gani ambayo haikutoka kwenye kitabu cha mwalimu? Kwanza alisema hakuna. Akaulizwa tena, likizo ulikuwa unafanya nini? Akasema alikuwa dukani kwa shangazi yake Kariakoo, duka la jumla la vitenge na kanga, na kwamba shangazi alimwomba "amwekee mahesabu kwenye kompyuta".

Hapo ndipo uzoefu ulipokuwa. Alichofanya kwa kweli ni hiki. Alichukua kaunta buku mbili zenye mauzo ya miezi 4 na kuyaingiza Excel, mistari zaidi ya 1,900. Akakuta bidhaa moja imeandikwa "waksi ya kijani", "waksi kijani", "kijani waksi" na mahali pengine "w. kijani", kwa hiyo kompyuta ilikuwa inahesabu bidhaa nne badala ya moja. Akatengeneza orodha ya majina sahihi 64 na kuyalinganisha yote na hiyo. Kisha akagundua jumla ya mwezi haikubaliani na pesa ambayo shangazi anakumbuka. Sababu: mauzo ya mkopo yaliandikwa mara mbili, kwenye kaunta buku na kwenye daftari la madeni, naye alikuwa ameingiza yote. Alipata marudio 140.

Mtu wa data akisikia hivyo atauliza papo hapo: ulijuaje kuwa ni marudio, na si wateja wawili walionunua kitu kimoja siku moja? Na yeye alikuwa na jibu. Alihesabu kuwa ni marudio pale tu tarehe, bidhaa, idadi, bei na jina la mdaiwa vilipolingana vyote vitano. Mistari iliyolingana vinne tu aliiweka kando, akakaa na shangazi jioni moja wakaipitia mmoja mmoja. Mwisho akatengeneza jedwali linaloonyesha kila bidhaa iliuzwa mara ya mwisho lini. Bidhaa 11 hazikuwa zimeuzwa kwa siku 60. Shangazi akaacha kuagiza saba kati yake. Nne akaziacha kwa sababu ni za msimu wa harusi, na hilo Excel isingelijua.

Hiyo ndiyo kazi atakayoikuta benki: majina yasiyofanana, rekodi zilizojirudia, na mtu mmoja mwenye maarifa ambayo hayamo kwenye faili. Tofauti ni wingi wa mistari tu. Tukaandika upya:

> Nilihamisha mauzo ya miezi 4 ya duka la jumla Kariakoo kutoka kaunta buku kwenda Excel, na kubaini bidhaa 11 kati ya 64 zisizouzwa kwa siku 60. Natafuta fildi ya uchambuzi wa data, Julai–Septemba.
>
> Kazi kubwa ilikuwa kusafisha: mistari zaidi ya 1,900, bidhaa moja ikiwa na majina matatu au manne, na mauzo 140 ya mkopo yaliyoandikwa mara mbili. Niliyafuta pale tu tarehe, bidhaa, idadi, bei na jina la mdaiwa vilipolingana. Yaliyobaki na shaka nilimuuliza mwenye duka. Aliacha kuagiza bidhaa saba kati ya hizo 11.
>
> Excel naitumia kila wiki, hasa `PivotTable` na `XLOOKUP`. SQL najifunza mwenyewe kwa PostgreSQL; naandika `JOIN` na `GROUP BY` bila msaada. R nimeitumia darasani tu, kwa regresheni.
>
> Nipo mwaka wa 2, Shahada ya Takwimu, GPA 3.9 kati ya 5.0. Naweza kukaa wiki 8. Barua ya utambulisho ya chuo ipo. Nipate kwa barua pepe iliyo hapo chini.

Angalia kilichotokea kwa zile sifa. "Mchapakazi" imegeuka mistari 1,900. "Mawasiliano mazuri" imegeuka kumuuliza mwenye duka. Hakuna aliyeambiwa aamini chochote.

Na kama sina shangazi mwenye duka?

Unaye mtu mwenye daftari. Kikoba cha mama, mahudhurio ya kwaya, michango ya harusi iliyokusanywa kwenye kundi la simu, orodha ya wapangaji na luku zao. Kama kweli hakuna, tumia takwimu za wazi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima na 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu imechapisha majedwali yake mtandaoni. Chukua mkoa mmoja, uliza swali moja finyu, lijibu. Mwanafunzi aliyelinganisha ukubwa wa kaya kwa wilaya za mkoa wake na kueleza kwa nini wilaya moja inatofautiana na nyingine ameshamwonyesha msimamizi jinsi anavyofikiri.

Ninachokushauri uache ni ile miradi ya mafunzo ya mtandaoni ambayo kila mtu anayo: abiria wa Titanic, maua ya `iris`, bei za nyumba za Boston. Kujifunzia ni sawa kabisa. Kuiweka mstari wa kwanza ni kujipanga foleni na maelfu waliofuata hatua zilezile.

Mistari ya mwanzo iwe na urefu gani?

Muhtasari hauonyeshwi wote. Msomaji anaona mistari michache, halafu inabidi abonyeze ili kuona uliobaki. Kiasi kinachoonekana hutegemea kama yupo kwenye simu au kompyuta, kwa hiyo jipe kikomo cha herufi 200 ili uwe salama kote. Wewe ni mtu wa data, usikadirie kwa macho. Bandika aya yako ya mwanzo kwenye kisanduku A1 cha Excel, kisha kwenye visanduku vingine viwili andika:

```
=LEN(A1)
=LEFT(A1,200)
```

Ya kwanza inakupa idadi ya herufi, ya pili inakuonyesha msomaji ataona nini. Mwanafunzi wetu alipofanya hivyo mara ya kwanza, aya yake ya mwanzo ilikuwa hivi: "...na kubaini kuwa bidhaa 11 kati ya 64 hazikuwa zimeuzwa kwa siku 60. Natafuta fildi ya uchambuzi wa data, Julai hadi Septemba." Herufi 213. `LEFT` ikakatia kwenye "Julai h". Yaani kitu ambacho afisa rasilimali watu anakihitaji kuliko vyote, miezi, ndicho kilichoanguka nje. Akabadilisha "kuwa bidhaa ... hazikuwa zimeuzwa" kuwa "bidhaa ... zisizouzwa", na "Julai hadi Septemba" kuwa "Julai–Septemba". Herufi 196. Imeingia yote.

Salamu, "Karibu kwenye wasifu wangu" na misemo ya watu mashuhuri vinakula nafasi hii ghali. Toa.

Je, niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Fuata lugha ya matangazo ya nafasi unazozitaka. Kwa benki na kampuni za simu hapa Dar, matangazo hayo kwa kawaida hutoka kwa Kiingereza, na maneno anayoyaandika mtafutaji kwenye kisanduku cha kutafutia ni ya Kiingereza pia. Basi wasifu wako uwe kwa Kiingereza.

Lakini rasimu iandike kwanza kwa Kiswahili, kama tulivyofanya hapo juu. Sababu ni ya kikazi: ukianza moja kwa moja kwa Kiingereza cha wasifu, mkono unajiendea wenyewe kwenye sentensi ulizozisoma kwa wengine. Kwa Kiswahili utajikuta unasema "nilimuuliza mwenye duka", kwa sababu ndivyo ungemsimulia mwenzako kwenye daladala. Ukishapata ukweli, uhamishe kwa sentensi fupi. Mpe mtu mmoja asome kabla hujauweka. Kosa la sarufi kwenye mstari wa kwanza msomaji wa haraka hulichukulia kama uzembe, hata kama si haki.

GPA niiweke?

Ukiwa na 3.5 na kuendelea, iweke, na siku zote andika "kati ya 5.0". Vyuo vikuu vyetu vinatumia kipimo cha 5.0: daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7. Nchi nyingine hutumia kipimo cha 4.0, na kampuni za hapa zina mameneja waliosoma huko. Mtu wa aina hiyo akiona "3.6" peke yake atadhani wewe ni karibu na kileleni, kisha atajisikia amedanganywa usahili ukifika. Ukiandika "4.5" bila kueleza, atadhani umekosea kuandika.

Ikiwa chini ya 3.5, usiitaje kwenye muhtasari na usiitolee udhuru. Kama kuna masomo mawili ya fani uliyofanya vizuri, nadharia ya uwezekano na hifadhidata kwa mfano, yataje hayo kwa alama zake. Fomu ya maombi ikiuliza GPA, jibu kweli.

Zana nizitaje vipi? Nimeona watu wanaandika "mtaalamu wa Python".

Orodha ya zana kumi humwambia msimamizi kwamba hakuna hata moja unayoijua. Taja tatu au nne, na kwa kila moja sema unaifanyia nini na umefika wapi. Ile sentensi ya "R nimeitumia darasani tu" inaonekana kama kujishusha. Kwa kweli inafanya kazi nyingine: inafanya sentensi ya Excel iaminike. Anayekiri mpaka wa ujuzi wake mahali pamoja anasadikiwa pengine.

Kipimo rahisi: andika tu kile ambacho ukipewa kompyuta usahilini unaweza kukifanya ndani ya dakika kumi bila kutafuta mtandaoni. Kama ni SQL, uweze kuandika kitu cha namna hii bila kusita:

```sql
SELECT bidhaa, MAX(tarehe) AS mwisho
FROM mauzo
GROUP BY bidhaa
ORDER BY mwisho;
```

Hiyo ndiyo ile kazi ya duka, bidhaa zilizolala zikija juu. Kama unaweza kuieleza mstari kwa mstari, andika SQL. Kama huwezi, iache mpaka uweze.

Zana hizohizo ziongeze pia kwenye sehemu ya `Skills`, kwa tahajia ileile inayotumika kwenye matangazo. "Power BI", si "PowerBI".

Naweza kupamba maandishi kwa herufi nzito au alama?

Kisanduku hakina kitufe cha herufi nzito. Wanaoonekana nazo wamenakili alama maalumu kutoka tovuti nyingine, alama zinazofanana na herufi kwa macho lakini kwa kompyuta ni kitu kingine. Ukiandika jina la zana kwa alama hizo, mtafutaji anaweza asikupate, na programu inayomsomea mtu asiyeona italiboronga. Acha mstari mtupu kati ya aya. Inatosha.

Kazi tulifanya kikundi cha watu watano. Niseme "nili-" au "tuli-"?

Vyote viwili, kila kimoja mahali pake. "Tulikuwa watano, mimi nilisafisha majibu ya dodoso na kuandika sehemu ya mbinu." Msimamizi mzoefu akiona "nilifanya utafiti wa watu 300" kwa mwanafunzi wa mwaka wa 2, anajua ni kikundi, na usahilini ataanzia hapohapo: dodoso mlilisambazaje, wangapi hawakujibu, mliwafanyaje? Kama sehemu hiyo ilikuwa ya mwenzako, utakwama.

Mwaka jana nilifanya fildi benki. Naweza kueleza data niliyoiona?

Eleza kazi, si data. "Nililinganisha ripoti mbili za kila siku na kuorodhesha tofauti" haina tatizo. Idadi ya wateja wa tawi, kiasi cha mikopo iliyochelewa, picha ya skrini yenye jina la mtu hata kama umeliziba nusu: hapana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mbali na sheria, huenda ulisaini karatasi ya usiri siku ya kwanza bila kuisoma. Muulize msimamizi wako wa wakati ule. Mtumie sentensi yenyewe unayotaka kuiweka, aikubali au aibadilishe. Wengi hujibu, na baadhi hukumbuka kwamba ulikuwepo.

Kwa shangazi ni hivyohivyo. Mwanafunzi wetu aliomba ruhusa, hakutaja jina la duka wala kiasi cha pesa. Wafanyabiashara wa mtaa wa pili nao wana simu.

Nataka benki, lakini hata kampuni ya simu ni sawa. Nifanyeje na muhtasari mmoja?

Taja aina ya kazi, acha aina ya taasisi. "Uchambuzi wa data" inaingia kote. Ukiandika "natafuta fildi benki, kampuni ya simu, bima au shirika lolote", neno "lolote" linafuta yote yaliyotangulia. Utofauti peleka kwenye barua ya maombi, ambayo kila taasisi inapata ya kwake.

Ila kama umekazania sehemu moja kweli, bima kwa mfano kwa sababu unasoma aktuaria, sema wazi na upoteze wengine.

Kuhusu tarehe, niandike tu "nipo tayari wakati wowote"?

Hapana, kwa sababu si kweli. Una mitihani, una ratiba ya chuo, na chuo kinataka idadi fulani ya wiki. Angalia kalenda ya chuo chako, andika miezi na wiki. Ongeza kwamba barua ya utambulisho ipo, maana afisa anajua bila barua hiyo faili lako haliendi popote. Na anza mapema. Muhtasari unaotafuta Julai uwe umekamilika Februari au Machi.

Niweke namba ya simu?

Barua pepe, ndiyo. Namba ya simu usiiweke kwenye muhtasari ulio wazi kwa dunia nzima, la sivyo watakaopiga wa kwanza ni wale wa "umepata ajira, tuma elfu thelathini ya fomu". Fildi halali haiombi pesa kwa njia hiyo. Na tumia barua pepe yako binafsi yenye jina lako la kawaida, kwa kuwa ya chuo inaweza kufungwa ukishahitimu.

Nikimwandikia mtu wa kitengo hicho moja kwa moja, niseme nini?

Andika kifupi, maana nafasi ya ujumbe wa kuomba kuunganishwa ni ndogo. "Shikamoo" kwa mtu usiyejua umri wake inaweza kumfurahisha au kumzeesha. "Habari za kazi" haimkosei yeyote. Kisha dada au kaka na jina lake, kama angeitwa ofisini.

> Habari za kazi, dada. Nasoma Takwimu mwaka wa 2, Mlimani. Nimeona kitengo chenu kinatumia Power BI. Naomba kujua kama mnapokea wanafunzi wa fildi Julai, na maombi yanapelekwa wapi.

Hajaomba kazi. Ameomba maelekezo, ambayo ni rahisi kujibu ukiwa kwenye foleni ya mwendokasi. Akikubali, ataingia kwenye wasifu wako, na hapo zile herufi 196 zinafanya kazi yake.

Nitajuaje kama muhtasari haufanyi kazi?

LinkedIn inakuonyesha namba mbili: mara ulizotokea kwenye utafutaji, na watu waliofungua wasifu wako. Zisome pamoja. Kama hutokei kwenye utafutaji, kosa halipo kwenye muhtasari; rudi kwenye `Headline`, `Skills` na mahali. Kama unatokea lakini hawafungui, tazama `Headline` na picha. Kama wanafungua, wengine ni watu wa taasisi unazozitaka, lakini hakuna anayeandika wala kujibu, hapo ndipo muhtasari wenyewe una shida, na mara nyingi ni zile herufi 200 za kwanza. Badilisha kitu kimoja, acha wiki mbili, tazama tena. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilisaidia.

Usisahau mpaka wa jambo lenyewe. Taasisi nyingi hapa bado hupokea maombi ya fildi kwa barua inayoachwa mapokezi au kwa mfumo wao wa mtandaoni, na LinkedIn haiingii popote. Peleka barua kama kawaida. Muhtasari unasaidia pale mtu mwenye barua arobaini mezani, yako ikiwemo, anapoandika jina lako kwenye simu yake ili aone wewe ni nani.

Niwashe `Open to work`?

Washa, chagua mafunzo kwa vitendo kama aina ya kazi, na Dar es Salaam kama mahali. Fremu ya kijani kwenye picha ni hiari yako. Kwa mwanafunzi haina ubaya.

Nimepata nafasi. Nibadilishe nini?

Siku hiyohiyo zima `Open to work` na uondoe sentensi ya "Natafuta", ili usipokee ujumbe wa nafasi usizoweza kuzichukua. Usiandike bado kuhusu taasisi mpya zaidi ya jina lake na tarehe ya kuanza. Wiki ya mwisho ya fildi, kabla hujarudisha kitambulisho cha mgeni, kaa na msimamizi dakika tano umsomee sentensi moja kuhusu ulichofanya hapo. Akisema sawa, hiyo ndiyo inayoingia juu, na duka la Kariakoo linashuka aya ya pili.